Kutathmini, Kufundisha na Kuruhusu: Uuguzi wa Mgonjwa wa Pumu katika Mazingira ya Mwanhuzi, Wilaya ya Meatu

1.0 Utangulizi

Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu, mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Wakazi wake wengi ni Wasukuma wanaolima pamba, mtama na mahindi na kufuga ng'ombe. Vumbi la kiangazi, moshi wa kuni jikoni, moshi wa mashina ya pamba yanayong'olewa na kuchomwa baada ya mavuno, pamoja na harufu ya viuatilifu wakati wa kupulizia mashamba, ni mambo ambayo mwenye pumu katika wilaya hii hukutana nayo kwa zamu mwaka mzima. Anapobanwa na kifua, hospitali ya wilaya inaweza kuwa mbali naye kwa saa moja au zaidi ya pikipiki. Hali hiyo huathiri namna muuguzi anavyompokea na, zaidi ya hapo, namna anavyomrudisha nyumbani.

Vitabu vingi vya kufundishia uuguzi huigawa huduma ya pumu katika sura tatu zinazojitegemea: kutathmini ukali wa shambulio, kufundisha matumizi ya pampu ya kuvuta dawa, na kumwelimisha mgonjwa kabla ya kuruhusiwa. Mgawanyo huo ni rahisi kwa mtihani, lakini humfanya mwanafunzi asione kwamba kazi zote tatu zinajibu swali moja, yaani: je, hewa na dawa vinafika kwenye mapafu? Makala haya yanaeleza kazi hizo kwa kulifuata swali hilo, yakitumia mfano wa mgonjwa mmoja uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Vipimo na dozi vinavyotajwa vinafuata mwongozo wa Mkakati wa Kimataifa wa Pumu, unaojulikana kwa kifupi kama GINA. Agizo la dawa linabaki kuwa la tabibu. Kinachojadiliwa hapa ni kazi ya muuguzi.

2.0 Mgonjwa wa mfano

Mgonjwa ni mama wa miaka 34, mkulima wa pamba, aliyefikishwa hospitalini saa nne usiku kwa pikipiki akiwa ameshikwa kwa nyuma na mama mkwe wake. Mchana wa siku hiyo familia ilikuwa ikichoma mashina ya pamba. Mkononi ana pampu ya salbutamoli, na mama mkwe anaeleza kwamba ameipuliza tangu jioni "mara nyingi sana" bila nafuu. Mama huyu ameketi ameinamia mbele, mikono imeshika magoti. Anapumua mara 32 kwa dakika, mapigo ya moyo ni 126 kwa dakika, misuli ya shingo inavutika kila anapovuta pumzi, na oksimita ya kidole inaonyesha asilimia 91. Kifuani husikika sauti ya mluzi, lakini ni nyembamba na ya mbali.

3.0 Kutathmini ukali

Mwongozo wa GINA hutenganisha shambulio la wastani, shambulio kali na shambulio linalotishia maisha. Katika shambulio la wastani mgonjwa husema kwa vifungu vya sentensi, hupenda kuketi kuliko kulala, hajahangaika, mapigo ya moyo ni kati ya 100 na 120, na oksijeni ni kati ya asilimia 90 na 95. Katika shambulio kali husema neno mojamoja, huketi ameinama mbele, huhangaika, hupumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, hutumia misuli ya ziada, mapigo hupita 120, na oksijeni hushuka chini ya asilimia 90. Akianza kusinzia au kuchanganyikiwa, au kifua kikiwa kimya, maisha yake yamo hatarini, na anapaswa kuandaliwa kwa rufaa huku matibabu yakiendelea.

Vipimo hivi havikubaliani kila mara. Mgonjwa wa mfano ana asilimia 91, ambayo peke yake ingemweka katika daraja la wastani. Upumuaji wake, mapigo yake, misuli ya shingo na namna alivyoketi vinasema jambo jingine. Kanuni inayostahili kufundishwa ni kwamba daraja hupangwa kwa dalili mbaya kuliko zote, na wastani wa dalili haukokotolewi kamwe. Mama huyu ana shambulio kali.

Ipo sababu nyingine ya kutoitegemea namba ya oksimita peke yake. Utafiti wa Michael Sjoding na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi takribani mara tatu zaidi ya ulivyotokea kwa wagonjwa weupe. Kifaa hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huingilia usomaji. Katika wodi ambayo karibu kila mgonjwa ana ngozi nyeusi, asilimia 91 inapaswa kusomwa kama namba ambayo ukweli wake unaweza kuwa chini zaidi. Kidole chenye baridi, hina au rangi ya kucha huongeza shaka hiyo.

Kipimo kinachostahili kujadiliwa kwa kirefu zaidi ni uwezo wa kusema, kwa kuwa ndicho ambacho hakihitaji kifaa na ndicho kinachokosewa kwa urahisi mahali kama Mwanhuzi. Maandiko ya kufundishia huandika tu kwamba mgonjwa "anasema neno mojamoja", kana kwamba lugha ya mazungumzo imeshakubaliwa. Mzee wa Kisukuma ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni anaweza kumjibu muuguzi "ndiyo" na "hapana" tu kwa sababu maneno mengine hana, na mama kijana anaweza kukaa kimya kwa sababu mama mkwe yupo na ndiye anayepaswa kusema. Katika hali zote mbili ufupi wa jibu hautokani na pumzi. Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi: msindikizaji hueleza kila kitu kwa ufasaha, muuguzi hujaza fomu, na hakuna aliyegundua kwamba mgonjwa mwenyewe hawezi kumaliza sentensi.

Njia ya kuepuka makosa hayo ni kumwomba mgonjwa ahesabu kwa lugha anayoijua vizuri, kuanzia moja, kwa pumzi moja, na kuandika namba aliyoishia. Anayehesabu Kisukuma hadi tatu akavuta pumzi hana tatizo la Kiswahili. Namba hiyo haitumiki kupanga daraja kwa mkato maalumu. Faida yake ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe nusu saa baadaye, hata kama zamu imebadilika na muuguzi mwingine ndiye anayesikiliza. Msindikizaji naye huombwa kwa heshima: "Mayu, nitakuuliza wewe baadaye. Sasa nataka nisikie pumzi yake." Ombi la namna hiyo halimvunjii mtu mzima hadhi, na humpa mgonjwa ruhusa ya kusema. Mama wa mfano alihesabu hadi nne.

4.0 Saa ya kwanza

Matibabu ya saa ya kwanza yanaelezwa vya kutosha katika miongozo, hivyo hapa yatapitiwa kwa ufupi. Mgonjwa hupewa oksijeni kwa lengo la asilimia 93 hadi 95 kwa mtu mzima. Hupewa salbutamoli kwa pampu na spesa, mipulizo 4 hadi 10, na dozi hiyo hurudiwa kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza. Prednisoloni miligramu 40 hadi 50 hutolewa mapema kwa kumeza, kwa kuwa huchukua saa kadhaa kufanya kazi na hakuna faida ya kungoja. Katika shambulio kali ipratropiamu huongezwa ikiwepo. Nebulaiza si lazima kwa mgonjwa anayeweza kushirikiana, maana pampu yenye spesa hufikia matokeo yanayolingana nayo, na haikomi umeme unapokatika.

Jambo linalostahili kusisitizwa ni tafsiri ya sauti ya kifua. Baada ya dozi ya kwanza, mluzi wa mama wa mfano uliongezeka hadi ukasikika bila chombo cha kusikilizia. Mama mkwe alishtuka.

"Nesi, anazidiwa. Sikia kifua kinavyolia."

"Mayu, kilikuwa kimeziba, hewa haikuwa inapita. Sasa inapita ndiyo maana inalia. Tutaogopa kikinyamaza huku akiwa bado anahangaika."

Mluzi ni sauti ya hewa inayopita kwenye njia nyembamba. Njia ikiwa imefungwa kabisa, hapana hewa, na kwa hiyo hapana sauti. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "mluzi ni dalili ya pumu" ataandika kwamba kifua kimya ni nafuu, na kosa hilo linaweza kumuua mgonjwa. Ukimya ni nafuu pale tu unapoambatana na upumuaji uliopungua, shingo iliyotulia na hesabu iliyorefuka. Mapigo ya moyo, kwa upande wake, ni shahidi dhaifu katika saa hii, kwa sababu salbutamoli yenyewe huyaongeza.

Baada ya saa moja mama huyu alipumua mara 24 kwa dakika, mapigo yalikuwa 118, oksimita ilisoma 95, misuli ya shingo ilikuwa imetulia na alihesabu hadi kumi na moja. Alilazwa wodini kwa uangalizi.

5.0 Kufundisha matumizi ya pampu

Swali ambalo tathmini ya usiku haikulijibu ni hili: kwa nini mipulizo "mingi sana" ya nyumbani haikusaidia, ilhali dawa ileile ilisaidia hospitalini? Jibu linalokuja haraka, kwamba shambulio lilikuwa kali kupita kiasi, haliwezi kukubaliwa kabla ya kuona namna mgonjwa anavyoitumia pampu yake. GINA hueleza kwamba wagonjwa wengi, hadi asilimia 70 au 80, hawatumii vifaa vyao vya kuvuta dawa kwa usahihi, na kwamba watumishi wa afya wengi nao hawawezi kuonyesha matumizi sahihi. Sehemu hii ya pili huachwa mara nyingi katika masomo ya uuguzi, ingawa ndiyo inayopaswa kutangulia: mwanafunzi apimwe kwanza yeye mwenyewe.

Asubuhi, mgonjwa akiwa ametulia, muuguzi hakuanza kwa kueleza. Alisema tu, "Mama, nionyeshe unavyoitumia ukiwa nyumbani." Swali la "Unajua kuitumia?" au "Umeelewa?" halina thamani ya kitabibu mahali ambapo kumjibu mtaalamu "hapana" huonekana ni kumkosea adabu. Mama alifungua kifuniko, akaiweka pampu mdomoni bila kuitikisa, akabonyeza, kisha akavuta pumzi. Wingu jeupe lilitoka mdomoni na puani. Akabonyeza tena papo hapo.

Wingu hilo ndilo lenye mafunzo yote. Dawa inayoonekana hewani haikuingia kifuani. Pampu hurusha dawa kwa kasi kubwa, na mtu asiyevuta pumzi katika nukta ileile huipokea kwenye ulimi na koo, kisha huimeza. Hata anayepatanisha vizuri hupoteza sehemu kubwa kooni. Mama huyu alikuwa akimeza salbutamoli: moyo ulimwenda mbio, mikono ikatetemeka, na kifua hakikufunguka. Akaamini dawa imekosa nguvu, akaongeza mipulizo.

Hatua za pampu isiyo na spesa ni chache, lakini kila moja ina sababu yake, na mgonjwa hukumbuka sababu kuliko mpangilio. Pampu hutikiswa kwa sababu dawa imetua chini ndani ya kopo. Asiyetikisa hupata mpulizo wenye hewa nyingi na dawa kidogo, na mwingine wenye dawa kupita kiasi. Pampu mpya, au iliyokaa siku nyingi bila kutumika, hupulizwa hewani kwanza. Mgonjwa hutoa pumzi yote taratibu ili kupata nafasi ya kuvuta, hufunga midomo kuizunguka pampu, huanza kuvuta polepole na kwa kina, na hubonyeza mara moja tu pumzi inapoanza kuingia. Hushikilia pumzi kwa hesabu ya kumi, au kadiri awezavyo, ili chembe za dawa zipate kutua. Hungoja takribani nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili, na huitikisa tena.

Aliyebanwa na kifua hawezi kuvuta polepole wala kushikilia pumzi. Kwa hiyo fundisho linaloishia kwenye hatua hizo humwandaa mgonjwa kwa siku ambayo hahitaji dawa kwa dharura. Kwa dharura anahitaji spesa, ambayo hupunguza kasi ya dawa na kumpa nafasi ya kuivuta kwa pumzi kadhaa za kawaida.

5.1 Spesa ya chupa

Spesa ya kiwandani ni ghali na haipatikani katika kila duka la dawa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha matokeo ya jaribio kwa watoto waliokuwa na shambulio la pumu, wakilinganisha spesa ya kiwandani na vyombo vya nyumbani. Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa na kuzibwa vizuri pembeni mwa pampu ilifungua vifua sawasawa na spesa ya kiwandani. Chupa isiyozibwa ilifanya kazi kwa kiasi cha kati, na kikombe cha plastiki nyepesi kilikuwa dhaifu kuliko vyote. Katika matokeo hayo, kilichotenganisha chupa mbili zilizofanana ni kule kuzibwa kwa upenyo tu, jambo ambalo anayeitengeneza kwa haraka hulipuuza.

Chupa hutengenezwa hivi. Huchukuliwa chupa safi ya maji ya kunywa ya mililita 500. Waya mnene hukunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, huwashwa moto na kutobolea kitako cha chupa, ili tundu liwe na umbo lile na pampu iingie kwa kubana. Kingo huzibwa kwa gundi au utepe hadi hewa isipite. Mgonjwa huvuta kupitia shingo ya chupa. Kabla ya kutumika, chupa huoshwa kwa maji yenye sabuni ya vyombo na kuachwa ikauke yenyewe bila kusuuzwa wala kufutwa, kwa sababu kitambaa huipa plastiki umeme tuli unaovuta chembe za dawa kwenye kuta. Shingo pekee ndiyo hufutwa sabuni. Wilayani Meatu kuna onyo moja ambalo maandiko ya nje hayana: chupa iliyowahi kuwekwa kiuatilifu cha pamba, hata ikiwa imeoshwa mara kumi, haitumiki. Muuguzi anapaswa kuuliza chupa ilitoka wapi, maana katika nyumba za wakulima viuatilifu huweza kuhamishiwa kwenye chupa za maji.

Matumizi yake ni mepesi: pampu hutikiswa, huchomekwa, hubonyezwa mara moja, mgonjwa hupumua ndani ya shingo pumzi tano, kisha hutikiswa tena kwa mpulizo unaofuata. Kosa la kawaida ni kubonyeza mara nne mfululizo na kuvuta mara moja ili kuokoa muda. Dawa hugandamana ukutani, na mgonjwa hupata kidogo kuliko ambacho angepata kwa mpulizo mmoja mmoja.

5.2 Kurudishiwa somo

Muuguzi alionyesha kwa chupa, mama akarudia, muuguzi akasahihisha jambo moja tu kwa kila mrudio. Mara ya kwanza alisahau kutikisa. Mara ya pili alivuta haraka mno. Mara ya tatu alifanya sawa. Mama mkwe naye alifundishwa, kwa kuwa ndiye atakayeshika chupa usiku mgonjwa akiwa hana nguvu. GINA hutahadharisha kwamba makosa hurudi ndani ya wiki nne hadi sita baada ya mafunzo. Kwa hiyo kuandika kwenye faili "amefundishwa, ameelewa" hakumsaidii muuguzi atakayempokea tena. Inafaa kuandikwa kosa lenyewe: "alipuliza kabla ya kuvuta, amesahihishwa, apimwe tena kliniki."

6.0 Elimu kabla ya kuruhusiwa

Alipoulizwa pampu moja humtosha muda gani, mama alijibu kwamba hununua mpya karibu kila mwezi kwenye duka la dawa. Kopo la salbutamoli huwa na mipulizo 200. Kulimaliza kwa mwezi ni kutumia mipulizo sita au saba kwa siku, na makopo kumi na mawili kwa mwaka. GINA hutaja makopo matatu au zaidi kwa mwaka kuwa dalili ya hatari ya mashambulio, na kumi na mawili au zaidi kuwa dalili ya hatari ya kifo. Swali la "pampu moja hukutosha muda gani" halichukui nusu dakika, nalo linampa muuguzi habari ambayo oksimita haiwezi kumpa.

Hapo ndipo elimu ya kuruhusiwa inapoanzia. Salbutamoli hulegeza misuli ya njia ya hewa kwa saa chache. Haigusi uvimbe uliomo ndani ya njia hizo. Uvimbe hutulizwa na steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni au budesonidi. Tangu mwaka 2019 GINA haipendekezi tena mtu mzima wala kijana kutibiwa kwa salbutamoli peke yake, na chaguo lake la kwanza ni pampu moja yenye budesonidi na formoteroli. Pale ambapo pampu hiyo haipatikani au bei yake haifikiki, steroidi ya kuvuta huandikwa pamoja na salbutamoli. Mama wa mfano aliandikiwa prednisoloni ya kumaliza siku tano, na beklometasoni ya mikrogramu 100, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni.

Dawa hii ina ugumu wa pekee kuieleza. Haileti nafuu inayohisiwa, na mgonjwa aliyezoea kufunguka kifua ndani ya dakika tano ataiona haifanyi kazi. Zaidi ya hayo, imani kwamba "ukianza pampu hutaiacha" imeenea, na muuguzi akiikebehi hupoteza msikilizaji. Ni afadhali kukubali sehemu iliyo kweli: pumu yenyewe haiondoki, ndiyo maana dawa huendelea, na kuitumia kila siku ndiko kutakakopunguza ile pampu anayoinunua kila mwezi. Mgonjwa husukutua maji na kutema baada ya kila dozi ili kuzuia utando mweupe wa fangasi kinywani.

Wauguzi wengi hutofautisha pampu mbili kwa rangi, ya bluu kwa kubanwa na ya kahawia kwa kila siku. Rangi hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na mgonjwa aliyefundishwa rangi tu atachanganyikiwa siku duka litakapompa kopo la rangi nyingine. Kwa asiyesoma, alama isiyobadilika ni bora: uzi uliofungwa kwenye pampu ya kila siku, na kuhamishiwa kwenye mpya ya zamani ikiisha.

Kopo nyingi hazina kihesabio. Kulitikisa ili kusikia kama kuna kitu hakusaidii, kwa sababu gesi ya kusukuma hubaki dawa ikiwa imekwisha. Kulielesha majini nako hakuaminiki na huweza kuharibu vali. Njia ya uhakika ni hesabu. Mipulizo minne kwa siku katika kopo la 200 ni siku 50. Muuguzi huandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kopo tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mama mkwe huambiwa ni wiki saba, yaani minada au magulio mangapi kulingana na kijiji chao.

Mpango wa dharura ulichorwa badala ya kuandikwa: mwanamke anayechota maji, mwanamke aliyeketi akishika kifua, na mwanamke juu ya pikipiki. Picha ya kwanza ina pampu yenye uzi peke yake. Ya pili inaongeza mipulizo minne ya salbutamoli kwa chupa, mmojammoja, na kurudia baada ya dakika 20 ikihitajika. Picha ya tatu inahusu hali tatu: hawezi kusema sentensi, mipulizo haijasaidia, au imesaidia lakini kifua kimebana tena kabla ya saa tatu kupita. Hapo safari huanza, na mipulizo huendelea kila dakika 20 njiani. Kwa anayeishi mbali, picha ya tatu lazima ianze mapema kuliko kwa anayeishi Mwanhuzi mjini, na muuguzi anayetoa mpango bila kuuliza pikipiki itapatikana wapi usiku ametoa nusu ya mpango.

Kuhusu vichochezi, orodha ndefu haifuatwi. Mama huyu hawezi kuacha kupika wala kuacha shamba. Yaliyokubaliwa na familia yalikuwa mawili: hatakuwapo wakati wa kuchoma mashina wala kupulizia viuatilifu, na jiko la kuni litahamishiwa nje wakati wa kiangazi. Makubaliano hayo yalifanywa na mama mkwe akiwapo, kwa sababu kazi anazoachiwa mmoja hubebwa na mwingine.

Tarehe ya kurudi ni ndani ya siku mbili hadi saba. Siku hiyo anakuja na pampu zote mbili, chupa yake, na prednisoloni iliyosalia kama ipo. Muuguzi anamwambia tena "nionyeshe", anamhesabisha kwa pumzi moja, na anaangalia tarehe iliyoandikwa kwenye kopo. Uzi ukiwa bado msafi na kopo likiwa zito kama lilivyotoka, dawa ya kila siku haijaanza, na mazungumzo yanarudi kwenye swali la kwa nini, kabla ya tabibu kuongeza dozi yoyote.